Flati ya Donholm: hesabu tuliyofanya kabla ya kuuza, na mistari tuliyoisahau

Kwanza maneno mawili, kwa sababu Nairobi huchanganywa kila siku. Hapa chini "kodi" ni pesa anayolipa mpangaji, na "ushuru" ni ule wa serikali. Nimeona watu wakigombana nusu saa kumbe mmoja anazungumzia kodi na mwenzake ushuru.

Flati yenyewe ni ya vyumba viwili vya kulala, Donholm, ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti. Mimi na mume wangu tuliinunua mwaka wa 2014 kwa shilingi 4,800,000. Ushuru wa stempu wa 4% ulikuwa 192,000, na wakili pamoja na usajili wakachukua 118,000, kwa hiyo ilitugharimu 5,110,000 kabla ya mpangaji wa kwanza kuingiza godoro. Kufikia mwanzo wa 2024 kodi ilikuwa 32,000 kwa mwezi. Miaka miwili kabla ya hapo tulikuwa tumedai 35,000, lakini majengo mapya yalikuwa yamechipuka jirani, yenye lifti na kisima chao, ilhali letu lilipata maji ya bomba kwa siku za kuhesabika kwa wiki.

Wazo la kuuza lilianzia kwenye hesabu mbaya. Tulichukua 32,000 mara 12, tukapata 384,000, tukagawa kwa 4,800,000. Ikatoka 8%. Mume wangu akasema, "Asilimia nane si mbaya, na nyumba bado ni yetu. Mali ya watoto haiuzwi." Hesabu hiyo ina makosa mawili. La kwanza, 384,000 ni kodi ya mwaka ambao flati haikai tupu hata siku moja na hakuna kinachovunjika. La pili ni kubwa zaidi: tuligawa kwa bei ya 2014. Pesa za 2014 zilishatumika, na swali la leo ni pesa ngapi zimekaliwa na flati leo.

Tukaanza upya na daftari la wakala. Kwa wastani wa miaka mitatu, flati ilikaa tupu mwezi mmoja na nusu kila mwaka. Hapo 48,000 zinapotea, zinabaki 336,000. Ada ya huduma ya jengo tulilipa sisi, 3,500 kwa mwezi, yaani 42,000 kwa mwaka. Wakala alichukua 8% ya kodi anayokusanya, 26,880. Ushuru wa kodi za nyumba za kuishi, ambao tangu Januari 2024 ni 7.5% badala ya 10%, ulikuwa 25,200. Huu hutozwa kwenye kodi iliyoingia bila kutoa gharama yoyote, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo hata mwaka wa kubadilisha mabomba yote utaulipa vilevile. Ukarabati tuliuweka 30,000, na bima pamoja na fungu letu la ushuru wa ardhi wa kaunti 9,000.

Ukitoa yote hayo, kilichobaki mkononi ni 202,920 kwa mwaka. Karibu nusu ya ile 384,000 ya kwenye bahasha.

Sasa tugawe kwa nini? Flati ya ghorofa ya kwanza kwenye jengo hilohilo ilikuwa imeuzwa kwa 6,200,000. Hiyo ni bei iliyolipwa, si bei ya tangazo, maana kwenye matangazo kulikuwa na za 7,000,000 zilizokaa hapo zaidi ya mwaka. Ukigawa 202,920 kwa 6,200,000 unapata 3.3%. Lakini hata hiyo 6,200,000 si yako. Yako ni kile kinachobaki baada ya kila mtu kuchukua chake, na hapo ndipo hesabu ya kuuza huanzia.

Dalali tulikubaliana 3% ya bei, yaani 186,000, na VAT ya 16% juu yake, jumla 215,760. Wakili wa muuzaji 118,000, na VAT yake ikafanya 136,880. Malimbikizo ya ada ya jengo na ya kaunti, ambayo lazima yalipwe ndipo upate vyeti vya kuonyesha hudaiwi, yalikuwa 45,000. Rangi na sinki la jikoni, 60,000. Ushuru wa stempu wa mauzo haya hulipwa na mnunuzi, usiuweke kwenye upande wako, lakini ujue anauweka kwenye hesabu yake anapokupunguzia bei.

Kisha ule ushuru wa faida ya mauzo, ambao kwenye iTax utauona kama CGT. Tangu Januari 2023 ni 15%, zamani ulikuwa 5%. Wengi hudhani ni 15% ya bei na wanakata tamaa hapo hapo. Ni 15% ya faida, na faida hupatikana baada ya kutoa ulichonunulia, ushuru wa stempu na wakili wa wakati ule, maboresho uliyofanya, na gharama za kuuza kama dalali na wakili. Nyumba ambayo mwenyewe umeishi mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuiuza haitozwi, ila ya kupangisha haiingii hapo.

Kwetu ilikuwa hivi. Kutoka 6,200,000 toa dalali na wakili, 352,640. Toa 5,110,000 za mwaka wa 2014. Mwaka wa 2019 tulifanya jikoni upya kwa 240,000, lakini risiti zilizopatikana zilikuwa za 150,000. Zile nyingine zilikuwa za fundi aliyeandika kwenye karatasi ya pakiti ya sigara, na karatasi hiyo haijulikani iliko. Faida ikawa 587,360, na ushuru wake 88,104. Zile risiti zilizopotea zilitugharimu 13,500 kamili. Jambo lingine la kuudhi ni kwamba sheria haikupi nafuu ya mfumuko wa bei, kwa hiyo shilingi ya 2014 inahesabiwa kama shilingi ya leo, na sehemu ya ile "faida" ni bei za vitu zilizopanda tu.

Jumla ya gharama za kuuza ikafika 545,744, karibu 8.8% ya bei. Kinachobaki ni 5,654,256. Hiyo ndiyo namba ya kugawia. 202,920 kwa 5,654,256 ni 3.6%. Angalia ilivyo: gharama za kuuza zinaifanya flati ionekane afadhali kidogo, kwa sababu pesa unazoweza kuzitoa ni chache kuliko unavyofikiri. Ni haki yake. Anayelinganisha 3.3% na riba ya mahali pengine anaionea nyumba, na anayelinganisha ile 8% anaipendelea.

Kabla ya kuiita dhaifu tulijiuliza kama inatibika. Kushusha kodi kulikuwa kumesaidia tayari: kwa 35,000 ilikaa tupu miezi mitatu, ikaleta 315,000, kwa 32,000 ilikaa tupu mwezi na nusu, ikaleta 336,000. Kumwondoa wakala kungeokoa zile 26,880. Basi tukapiga hesabu ya mwaka bora kabisa unaowezekana: mpangaji haondoki, wakala hayupo, ukarabati uleule. Kodi 384,000, toa ada ya jengo 42,000, ushuru 28,800, ukarabati 30,000, bima na kaunti 9,000. Zinabaki 274,200, ambazo ni 4.8% ya pesa zetu. Kipimo hiki nakipenda kuliko vyote, maana kinatenga ugonjwa wa usimamizi na ugonjwa wa bei. Kama mwaka bora ungefika 8% au 9%, tatizo lingekuwa ni sisi na wakala wetu, na kuuza kungekuwa kukimbia kazi. Kwetu hata mwaka bora haukufika 5%. Kodi ya mtaa haikuwa inalingana na bei ya flati, na hilo halitibiwi kwa rangi.

Bado hapo si sababu ya kuuza. Inategemea pesa zinakwenda wapi, na hapa ndipo tulikaribia kukosea vibaya.

Mpango wa kwanza ulikuwa kuuza na kununua flati mbili ndogo za chumba kimoja cha kulala upande wa Kahawa West, kila moja ikipangishwa 19,000. Kwa maneno ilipendeza: kutoka 32,000 hadi 38,000 kwa mwezi. Lakini ukinunua, sasa wewe ndiye mlipa ushuru wa stempu wa 4%, na wakili wako ana bei yake na VAT yake. Kwa 5,654,256 tungeweza kununua mali ya kama 5,300,000 tu, zinazobaki zinaishia kwenye karatasi. Maana yake, mali ya 6,200,000 inageuka kuwa ya 5,300,000 kwa kuhama tu. Laki tisa zimeyeyuka barabarani kati ya Donholm na Kahawa.

Na kipato? Kwa flati mbili, tukikadiria mwezi mmoja tupu kwa kila moja, ada za majengo, ushuru, wakala, ukarabati na bima, tungebaki na kama 263,000 kwa mwaka. Nyongeza ni 60,000. Laki tisa kugawa kwa 60,000 ni miaka 15 kurudisha tulichopoteza. Mtu anaweza kusema ule ushuru wa 88,104 ungelipwa siku moja hata tusipouza leo, na ni kweli. Ukiutoa, inakuwa miaka 13 na kitu. Haibadilishi jibu. Kwa mtu anayetaka kubadilisha nyumba kwa nyumba, namba ya kukumbuka ni hiyo ya laki tisa: kila uhamisho ulikula karibu 15% ya thamani, na flati mpya lazima ilipe zaidi ya ile ya zamani kwa tofauti kubwa, si ya elfu sita kwa mwezi. Dalali hatakuonyesha hesabu hii. Analipwa ukiuza, na mara nyingine analipwa tena ukinunua.

Njia ya pili ilikuwa kuacha mawe kabisa na kwenda kwenye hati za dhamana za miundombinu za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa miaka kadhaa, ambazo riba yake haikatwi ushuru. Februari 2024 Benki Kuu ilitoa ile ya IFB1/2024/8.5 kwa riba ya 18.46%, na mjini kila mtu alikuwa na shemeji aliyeipata. Kishawishi kilikuwa kuandika 18% kwenye hesabu. Hatukuandika, kwa sababu moja: tulikuwa hatujauza. Flati huchukua miezi, na riba haikungoji. Tulitumia 12%, tukisema kama hesabu haisimami kwa 12% basi tusiuze. Ilikuwa busara, maana pesa zilipofika mapema 2025, hata bili ya serikali ya siku 91, iliyokuwa juu ya 15% katikati ya 2024, ilikuwa imeshuka chini ya 10%.

Kwa 12%, 5,654,256 zinaleta kama 678,500 kwa mwaka dhidi ya 202,920 za flati. Tofauti ni 475,600. Gharama zote za kuuza zinarudi kwa takriban miezi 14.

Mume wangu aliuliza swali zuri hapo. "Na bei ya nyumba ikipanda? Hati ya serikali ya milioni tano itabaki milioni tano." Ni kweli, na ndiyo hoja pekee yenye uzito ya kuishikilia flati yenye kodi ndogo. Kwa hiyo tukaigeuza kuwa namba. Ili flati ilingane na 12%, lazima bei yake ipande kila mwaka kwa kiasi cha ile tofauti: 475,600 kwa 6,200,000, yaani 7.7% kwa mwaka, na zaidi kidogo ukikumbuka kwamba ongezeko hilo litatozwa 15% siku ya kuuza. Imekuwa ikipanda kiasi gani? Kutoka 4,800,000 hadi 6,200,000 kwa miaka 10 ni 2.6% kwa mwaka. Benki Kuu yenyewe hulenga mfumuko wa bei wa kati ya 2.5% na 7.5%, kwa hiyo flati yetu ilikuwa ikitambaa kwenye sakafu ya kiwango hicho. Kwa kiwanja chenye nyumba yake peke yake huenda jibu lingekuwa jingine. Anayepanda bei Nairobi kwa kawaida ni udongo, na mwenye flati ya ghorofa ya nne ana udongo kidogo sana huku jengo likizeeka na kushindana na jipya la jirani.

Alikaa kimya siku mbili, kisha akasema tuuze. Ni vizuri alikubali kwa moyo, maana wakili alihitaji kiapo chake cha ridhaa ya mwenzi, na mauzo mengi hukwama hapo mwishoni wakati mnunuzi ameshalipa amana.

Mauzo yenyewe yalichukua karibu mwaka, na kosa kubwa lilikuwa la karatasi. Mnunuzi wa kwanza alijitokeza Aprili 2024 kwa 6,350,000, akitumia mkopo wa nyumba. Tulikuwa na hati ya upangaji wa muda mrefu ya mtindo wa zamani pamoja na hisa moja kwenye kampuni ya usimamizi wa jengo. Sheria ya 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo inataka hati kama hizo zigeuzwe kuwa hati za sehemu, na kazi hiyo hufanywa kwa jengo zima: mpimaji achore ramani ya sehemu zote, wenye flati wachange, hati mama itolewe. Jengo letu halikuwa limeanza. Mwenyekiti, mzee mmoja mstaarabu sana, alinijibu, "Mama, tumelizungumza kwenye mikutano mitatu. Watu hawachangi." Benki ya mnunuzi ikakataa kuchukua hati ile kama dhamana. Kufikia Agosti akajitoa, na amana ya 10%, iliyokuwa kwa wakili, akarudishiwa.

Hilo lingejulikana kwa siku moja kama tungempelekea wakili nakala ya hati kabla ya kumpigia dalali simu. Ukiwa na flati, uliza leo kama jengo lenu limegeuza hati. Kama halijageuza, wanunuzi wako ni wenye pesa taslimu tu, na hao wanajua hivyo wanapokupa bei. Yule wa pili alikuja Septemba na pesa taslimu, akatoa 6,200,000 na kukubali kusubiri ugeuzaji huku jengo likianza kuchanga. Siku 90 za kukamilisha zilizoandikwa kwenye mkataba ziliongezwa mara moja tu.

Kosa la pili halikuwa kwenye daftari kabisa. Tulipanga kuuza mpangaji akiwa ndani ili kodi isikatike. Lakini dalali alileta watazamaji kila Jumamosi asubuhi, watu wakifungua kabati za mpangaji, na Juni mpangaji akatoa notisi. Simlaumu. Flati ikakaa tupu hadi mauzo yalipokamilika, na miezi mitatu ya kwanza pekee ilitugharimu 96,000. Siku hizi ningeandika mstari wa miezi minne tupu tangu mwanzo, au ningekubaliana na mpangaji: siku moja ya kutazama kwa wiki mbili, na kodi ya mwezi mmoja ipungue. Na kama angebaki hadi mwisho, dipoziti yake ya 32,000 ingepaswa kukabidhiwa kwa mnunuzi, kitu ambacho wauzaji wengi hugundua siku ya hesabu ya mwisho.

Hata ukiweka hizo 96,000, na nyingine kama hizo kwa miezi iliyofuata, muda wa kurudisha gharama kwa 12% unasogea kutoka miezi 14 hadi kama 19. Ule mpango wa Kahawa ungesogea kutoka miaka 15 hadi 18.

Ushuru wa faida ulilipwa kwa iTax kabla ya uhamisho kusajiliwa, wakili akatuma salio, na pesa zikakaa kwa muda kwenye mfuko wa soko la fedha, ambapo riba hukatwa 15%, huku tukifungua akaunti ya DhowCSD ya Benki Kuu, ya kununulia hati za serikali. Hatukununua hati moja kwa zote. Kodi ilikuwa inaingia kila mwezi na karo za shule tulizipangia hivyo. Hati za serikali hulipa riba mara mbili tu kwa mwaka. Tuligawa pesa kwenye hati tatu zenye miezi tofauti ya malipo, kwa hiyo kuna kitu kinachoingia kila baada ya miezi miwili hivi, na muhula wa kwanza bado tunauwekea akiba tangu Oktoba.